Maneno ya kijipicha na kichwa cha video: jinsi ya kuvigawia kazi

Chukua video ya mfugaji anayeeleza kwa nini vifaranga wengi hufa kabla hawajamaliza siku saba. Kwenye kijipicha, ile picha ndogo ambayo mtu huiona kabla hajabofya, ameandika kwa herufi nyekundu: KWA NINI VIFARANGA WANAKUFA WIKI YA KWANZA. Chini yake kichwa cha video kinasema: "Kwa nini vifaranga wanakufa wiki ya kwanza?" Mtu anayepitisha kidole kwenye YouTube amesoma sentensi moja mara mbili. Na kwa kuwa maneno yale saba yamejaa picha nzima, vifaranga wenyewe hawaonekani vizuri, ilhali wao ndio wangemsimamisha.

Kosa hili limeenea sana kwenye chaneli za Kiswahili, na chanzo chake ni namna tunavyofanya kazi. Video ikishakamilika, mtu huandika kichwa, akakinakili, akakibandika juu ya picha, akapandisha. Kijipicha kinakuwa bango la kichwa. Dawa yake si kutafuta maneno mengine yenye maana ileile. "Sababu za vifo vya vifaranga" juu ya picha na "Kwa nini vifaranga wanakufa" chini yake ni marudio yaleyale yaliyobadilishiwa nguo tu.

Nitaichukua video hiyohiyo ya vifaranga na kwenda nayo hatua kwa hatua mpaka iwe na kijipicha na kichwa vinavyosaidiana. Mada yako ikiwa mapishi, hesabu za kidato cha pili au ufundi wa pikipiki, njia haibadiliki.

Kwanza elewa nani anasoma nini, na wapi

Mtazamaji hukutana na vitu vitatu: picha, maneno yaliyo juu ya picha, na kichwa. Kwenye ukurasa wa mwanzo wa YouTube, hasa kwenye simu, picha ndiyo kubwa na jicho huanzia hapo. Maneno ya juu ya picha husomwa pamoja nayo, karibu kwa mtupo mmoja wa jicho. Kichwa huja mwisho, na mara nyingi husomwa na yule tu ambaye picha imeshamsimamisha.

Kwenye utafutaji mambo hugeuka. Mtu ameandika "vifaranga wa siku moja" na macho yake yanatafuta maneno hayo kwenye vichwa. Mfumo nao hulinganisha alichoandika na kichwa, maelezo na yaliyomo ndani ya video. Usitegemee maneno uliyoyachora juu ya picha yakufanyie kazi hiyo.

Kisha kuna sehemu ambazo kichwa hubaki peke yake au karibu na hivyo. Arifa kwenye simu huja na picha ndogo mno. Mtazamaji asiyeona, anayetumia programu ya kusomewa skrini, husikia kichwa lakini hasikii maneno uliyoyachora. Kwa hiyo kuna kanuni moja isiyo na ulinganifu, na ndiyo inayobeba kazi yote: kichwa lazima kieleweke bila kijipicha, lakini maneno ya kijipicha hayalazimiki kueleweka bila kichwa. Yanalazimika kueleweka pamoja na picha.

Anayejua kanga ataliona hili upesi. Jina la kanga halisemi "hii ni kanga ya maua mekundu", maua yanaonekana. Jina linamsemesha mtu.

Hatua ya 1: Andika ahadi ya video kwa sentensi moja ndefu, ya kwako mwenyewe

Kabla ya kichwa, andika kwenye karatasi kile ambacho mtu atakuwa nacho akimaliza kutazama. Usijali urefu wala uzuri wake. Kwa video yetu sentensi ni hii:

"Vifaranga wa wiki ya kwanza wakirundikana pembeni watu hudhani wamelala, kumbe wanasikia baridi na wa chini wanakosa hewa, ukijua kusoma wanavyokaa utajua joto halitoshi hata bila kipimajoto, na utawaokoa."

Kama huwezi kuandika sentensi hii, tatizo liko kwenye video, si kwenye kijipicha. Video inayoanza na chanjo, ikaruka kwenye chakula, ikamalizia na bei ya soko haina ahadi moja, na hakuna maneno yatakayoiokoa.

Sasa pigia mstari vipande. Humu ndani kuna mada (vifaranga wa wiki ya kwanza), dhana potofu (wamelala), tatizo (baridi), ujuzi (kusoma wanavyokaa) na faida (utawaokoa). Vipande vitano, na mahali pa kuviweka ni patatu. Hapa ndipo marudio yanapoanza kuondoka yenyewe, kwa sababu sasa unagawa, hunakili.

Hatua ya 2: Kichwa kipewe mada na ujuzi

Anza na kichwa kwa sababu ndicho chenye masharti magumu zaidi. YouTube inaruhusu herufi 100, nafasi zikiwemo, lakini sehemu nyingi hukikata kabla ya hapo na kuweka nukta tatu. Mimi huweka mzigo wote muhimu ndani ya herufi 50 hivi za mwanzo, na chochote kinachokuja baadaye kiwe kitu ambacho kikikatwa hakiui maana.

Jaribio la kwanza: "Usifanye kosa hili kwa vifaranga wako!!!" Halifai. Kosa lipi? Mtu anayetafuta habari za joto hatalifikia, na aliyeletewa arifa hajui anaitiwa nini.

Jaribio la pili: "Namna bora ya ulezi wa vifaranga na udhibiti wa joto katika banda la kulelea." Hiki ni kichwa cha kijitabu cha mafunzo. Mfugaji hatafuti kwa lugha hiyo, na neno "joto" limezama katikati.

Jaribio la tatu: "Vifaranga wa wiki ya kwanza: jinsi ya kujua joto halitoshi." Herufi 58. Mada iko mbele na ujuzi unafuata. Hata kikikatwa baada ya "jinsi ya kujua joto", bado mtu anajua amefika wapi. Hiki tunakishika.

Tazama kilichoachwa nje: dhana kwamba wamelala, na faida ya kuwaokoa. Hayo ndiyo malighafi ya kijipicha. Usivunjike moyo kwamba kichwa kimetaja joto waziwazi. Watu huogopa kwamba wakitaja mada wameshamaliza siri. Lakini mfugaji habofyi kwa kutojua kwamba baridi inaua. Anabofya kwa sababu hajui ataitambuaje usiku, akiwa na taa moja na boksi la vifaranga mia.

Hatua ya 3: Chagua picha kabla ya maneno

Wengi huandika maneno kwanza, kisha wakatafuta picha ya kuyabeba. Ndiyo maana unaona mtu ameshika kichwa, mdomo wazi, mshale mwekundu unaonyesha hewa tupu. Fanya kinyume chake.

Picha yetu inatoka kwenye ahadi: vifaranga wamerundikana kwenye kona ya boksi penye taa, wamepandana, na sehemu nyingine ya boksi iko tupu. Piga ukiwa juu kidogo ili rundo na utupu vionekane pamoja, maana ule utupu ndio unaoonyesha kwamba kuna jambo. Piga hasa kwa ajili ya kijipicha. Fremu iliyokatwa kutoka kwenye video mara nyingi huwa na ukungu wa mwendo, na ikikuzwa inachakaa. Faili liwe la upana wa pikseli 1280 kwa kimo cha 720, uwiano wa 16 kwa 9.

Sasa jiulize swali ambalo maneno yatalijibu: mgeni akiiona picha hii peke yake atadhani nini? Atadhani ni vifaranga wamelala, wazuri, wamejikunyata kwa amani. Hilo ndilo pengo. Picha inamdanganya kidogo, bila kosa la mtu yeyote, na maneno yetu yatakuja kuisahihisha.

Hatua ya 4: Maneno ya kijipicha yaseme kile ambacho picha haiwezi kusema

Maneno mawili hadi manne yanatosha, na kwa Kiswahili mara nyingi hata moja, kwa kuwa kitenzi chetu hubeba nani, lini na ameathiriwa nani kwa pamoja. "Umewaunguza." "Hatujalipwa." "Sikuichemsha." Kila moja ni sentensi kamili.

Kwa picha yetu niliweka mezani haya: BARIDI INAUA, WAMELALA?, na HAWAJALALA.

BARIDI INAUA haina kosa la lugha, lakini inarudia kichwa kwa mlango wa nyuma. Kichwa kimesema joto halitoshi. Joto lisilotosha ni baridi. Mtazamaji hajaongezewa kitu. Hiki ndicho kipimo cha kweli cha marudio: usiangalie kama maneno yanafanana, angalia kama habari inafanana.

WAMELALA? inafanya kazi. Inauliza kile ambacho mtazamaji ameanza kufikiri. Udhaifu wake ni kwamba alama ya kuulizia kwenye picha ndogo hupotea kirahisi, na ikipotea maneno yanasema kinyume cha tunachotaka: kwamba vifaranga wamelala, basi.

HAWAJALALA inashinda. Picha inasema wamelala, neno linasema hapana, na mtu anateremka kwenye kichwa kutafuta maelezo. Anakuta: "Vifaranga wa wiki ya kwanza: jinsi ya kujua joto halitoshi." Sasa ameelewa jambo ambalo hakuna kipande kimoja kati ya vitatu kilichomwambia: kwamba vifaranga wanaorundikana hivyo wanasikia baridi. Ameliunganisha mwenyewe, na anataka kujua kama wa kwake nao hukaa hivyo.

Mfano mwingine wa haraka, kwa wapishi. Kichwa: "Pilau ya nyama: kupata rangi bila kuunguza vitunguu." Picha: sufuria yenye vitunguu vya kahawia iliyokolea. Maneno: BADO KIDOGO. Mpishi anayeona vitunguu vile yuko tayari kumimina maji. Sauti iliyo juu ya picha inamzuia. Ungeandika RANGI YA PILAU juu ya picha, ungekuwa umepoteza nafasi.

Angalia pia kwamba "hawajalala" na "bado kidogo" ni maneno ambayo mtu angeyatamka akiwa amesimama pale, akionyesha kwa kidole. Hiyo ni njia nzuri ya kuyapata. Muweke mtu anayejua kazi mbele ya picha, umuulize angesemaje. Majina ya mada hukaa vizuri kwenye kichwa. Semi za mtu aliyepo hukaa vizuri kwenye picha.

Kwenye chaneli za udaku kuna maneno yanayozunguka kila siku: HATIMAYE, MAPYA YAIBUKA, AMWAGA MACHOZI. Haya hayarudii kichwa, ni kweli, lakini hayasemi chochote kuhusu picha iliyopo; unaweza kuyahamishia kwenye video yoyote. Neno linalokaa sawasawa kwenye video kumi tofauti halijafanya kazi kwenye hata moja.

Hatua ya 5: Liweke neno mahali linaposomeka

Hapa Kiswahili kinatudai kidogo. Neno letu lina herufi 10. Ukilibana kwenye nusu ya kulia ya picha, yaani pikseli 640, kila herufi inapata takriban 64. Kwenye orodha za pembeni picha inaweza kushuka hadi upana wa pikseli 160 hivi, moja ya nane ya ukubwa wake, na herufi yako itabaki na upana wa 8. Haisomeki kwa mtu anayepita.

Kishawishi ni kulikata neno katika mistari miwili: HAWA juu, JALALA chini. Usifanye hivyo. Jicho litasoma "hawa", kama vile unasema "vifaranga hawa", kisha litagonga "jalala", ambalo kwa wengi ni mahali pa kutupia taka. Vitenzi vyetu vikikatwa vibaya huzaa maneno mengine kabisa, kwa hiyo kabla ya kuvunja mstari popote soma kila kipande peke yake.

Suluhisho ni kulipa neno upana wote wa juu. Pikseli 1200 kwa herufi 10 ni 120 kwa kila moja, na picha ikishuka mara nane bado zinabaki 15. Rundo la vifaranga linashushwa theluthi mbili za chini. Tumia fonti nene isiyo na madoido, nyeupe au njano juu ya sehemu yenye kiza. Sakafu ya maranda ina rangi hafifu, kwa hiyo giza kidogo liongezwe juu ya picha, nyuma ya neno.

Kona ya chini kulia iache tupu. Pale YouTube huweka muda wa video, na chochote ulichoandika kitafunikwa. Ukingo wa chini nao hupata mstari mwekundu kwa mtu aliyewahi kuanza kuitazama video. Neno likiwa juu, yote mawili hayatugusi.

Hatua ya 6: Jaribio la kiganja

Weka kijipicha na kichwa kwenye simu kama vitakavyoonekana. Picha iliyohifadhiwa kwenye galari na kichwa kilichoandikwa chini yake vinatosha. Kisha fanya mambo matatu.

Funika picha kwa kiganja, usome kichwa tu. Je, mtu anajua video inahusu nini? Ndiyo: joto la vifaranga wa wiki ya kwanza.

Funika kichwa, utazame picha na neno lake. Je, kuna kitu kinachosukuma mtu aulize? Ndiyo: kama hawajalala, wamefanya nini? Swali likiwa "hii ni nini?" umeshindwa, kwa sababu huyo hajavutwa, amechanganyikiwa.

Sasa ondoa kiganja, soma vyote, kisha futa neno la kijipicha kabisa kwa mawazo. Je, kuna kitu kimepotea? Kama hakuna, neno hilo halikuwa na kazi. Liondoe na uache picha pekee, maana picha nzuri isiyo na neno ni bora kuliko picha yenye neno la kujazia.

Jaribio hili mpe mtu ambaye hajaiona video. Mwonyeshe kwa muda wa kupepesa macho mara mbili, kisha muulize anatarajia kuona nini ndani. Akisema "namna ya kujua vifaranga wanasikia baridi," umemaliza. Akisema "sijui, labda ugonjwa," basi picha na neno vimekwenda mbali na kichwa kupita kiasi.

Na hilo ni kosa la pili, ambalo huwapata hasa waliokwisha kulielewa la kwanza. Mtu akiambiwa asirudie, anaandika kichwa cha fumbo na kijipicha cha fumbo. Kijipicha: SIKUAMINI. Kichwa: "Kilichotokea usiku ule bandani." Hakuna marudio, lakini hakuna pia kitu cha kushika. Fumbo liwe upande mmoja tu, na upande huo uwe wa picha.

Hatua ya 7: Ahadi ilipwe mwanzoni mwa video

Aliyebofya amekuja na picha moja kichwani: rundo lile la vifaranga. Akikutana na nembo inayozunguka, salamu ndefu na ombi la kujiandikisha, anahisi ameingia nyumba ya jirani. Sekunde za kwanza zimwonyeshe rundo lenyewe, na msimulizi aseme wazi: "Hawa hawajalala. Wanasikia baridi."

Kisha ujuzi uliotajwa kwenye kichwa ufuate bila kuchelewa. Wiki ya kwanza vifaranga huhitaji joto la nyuzi 32 hadi 35 hivi za Selsiasi, kisha hupunguzwa takriban nyuzi 3 kila wiki. Wakirundikana karibu na taa wakilia kwa sauti kali, joto halitoshi. Wakikimbilia kingo za boksi, midomo wazi na mabawa yameachwa mbali na mwili, limezidi. Wakijazana upande mmoja wakati taa iko katikati, tafuta upepo unaopenya upande wa pili. Wakisambaa sawasawa, wengine wakila na wengine wakipumzika, liache lilivyo.

Hali hizo tatu mbaya zingeweza kuwa picha tatu, na kuna mtu atashawishika kuziweka zote kwenye kijipicha kimoja kwa mistari ya kugawanya. Nisingefanya hivyo. Kijipicha kina nafasi ya jambo moja, na rundo ndilo jambo ambalo watu hulielewa vibaya.

Kumbuka pia kwamba sera za YouTube zinakataza kijipicha na kichwa vinavyomdanganya mtazamaji kuhusu kilichomo. HAWAJALALA ni kweli. WAMEKUFA WOTE juu ya picha hiyohiyo ingekuwa uongo, hata kama ingevuta wengi zaidi.

Hatua ya 8: Pima, ukibadilisha kimoja kwa wakati

Kwenye YouTube Studio tazama asilimia ya waliobofya kati ya walioonyeshwa kijipicha. YouTube wenyewe wanasema nusu ya chaneli na video zote huwa kati ya asilimia 2 na 10, kwa hiyo usishtuke ukiona 4. Namba hiyo peke yake haisemi mengi. Itenganishe kwa chanzo: waliotoka kwenye utafutaji, na waliotoka kwenye ukurasa wa mwanzo.

Ikiwa wa utafutaji wanabofya vizuri lakini wa ukurasa wa mwanzo wanapita tu, kichwa kinafanya kazi na kijipicha hakifanyi. Rudi hatua ya 3 na ya 4. Ikiwa ni kinyume chake, picha inavuta lakini kichwa hakina maneno ambayo watu huyatafuta. Rudi hatua ya 2. Ukibadilisha vyote viwili siku moja, hutajua kipi kilisaidia.

Kisha tazama ni wangapi bado wapo kwenye sekunde ya 30. Kama kubofya kumepanda baada ya kubadilisha neno la kijipicha lakini waliobaki kwenye sekunde ya 30 wamepungua, neno jipya linaahidi kitu ambacho mwanzo wa video hautoi. Hapo ama ubadilishe neno, ama wakati mwingine ukate utangulizi.

Kwa chaneli zilizofunguliwa vipengele vya juu, YouTube Studio kwenye kompyuta ina chombo cha kulinganisha hadi vijipicha vitatu kwenye video moja. Mshindi huchaguliwa kwa muda wa kutazama, si kwa kubofya tu, na jaribio linaweza kuchukua hadi wiki mbili. Ukitumia, weka HAWAJALALA, weka WAMELALA?, na cha tatu kiwe picha ileile bila neno lolote. Hicho cha mwisho watu hukisahau, na wakati mwingine ndicho kinachoshinda. Usiweke matoleo matatu yanayotofautiana kwa rangi ya fonti tu, kwa maana chaneli ndogo mara nyingi huambiwa hakuna mshindi wa wazi, na wiki mbili zimekwenda.

Pale ambapo kurudia kunakubalika

Si kila neno linalojitokeza pande zote mbili ni kosa. Mfululizo wa masomo wenye sehemu nyingi unahitaji namba kwenye picha na kwenye kichwa, ili mwanafunzi anayetafuta sehemu ya 6 asipotee. Mechi nayo iko hivyo: majina ya timu yatakuwepo kote, na hakuna atakayelalamika. Video ya kurekebisha aina fulani ya simu inaweza kurudia jina la simu kwenye picha, kwa kuwa mwenye simu hiyo analitafuta jina hilo kwa macho kwanza. Hata hapo, rudia jina tu. Lile neno la pili juu ya picha liseme kitu kipya: namba ya mfululizo iambatane na HATUA NGUMU, jina la simu liambatane na USIIFUNGUE.

Kwa video ulizokwisha kupandisha, usianze kuzibadilisha zote kwa mkupuo. Panga orodha yako kwa idadi ya mara vijipicha vilivyoonyeshwa, kisha tafuta zile zilizoonyeshwa mara nyingi huku wabofyaji wakiwa chini ya wastani wa chaneli yako. Hizo YouTube inazijaribu kwa watu na watu wanazipita. Badilisha kijipicha chao kwanza na uache kichwa kama kilivyo. Zile zinazoletewa watu na utafutaji kila siku, hata kama kijipicha chake kimenakili kichwa neno kwa neno, kichwa chake usikiguse; ukitaka kufanya kitu, futa maneno juu ya picha na ubakize picha.